Barua yangu ya kuacha kujitolea: niliandika "sababu za kiafya" nikaishia hapo

Kila niliyemtaka ushauri aliniambia nieleze. Nisipoeleza, wakasema, nitaonekana mvivu, au nimegombana na mtu. Mmoja akataka niambatishe karatasi za hospitali, "ili wakuamini." Nilikasirika na nimekasirika hata sasa, maana mimi nilikuwa nafundisha watoto kusoma kila Jumamosi bila kulipwa hata senti. Kwa nini mtu anayejitolea atoe ushahidi kwamba anaumwa ndipo aruhusiwe kupumzika? Ugonjwa wenyewe hapa pia sitautaja. Nawaeleza barua tu.

Shemeji yangu, ambaye watu wengi huku Likoni humwendea awaandikie barua za ofisini, aliniandikia yake. Ilikuwa kurasa mbili na kitu, kwa nia njema kabisa. Ilianza na lini nilianza kujisikia vibaya, ikataja kliniki ninayokwenda, ikaeleza alichonikataza daktari, ikaomba radhi mara nyingi, kisha ikamalizia "naomba unikubalie kuacha, na nikipata nafuu kidogo nitarudi."

Niliichukua nikakaa nayo na penseli. Pembeni ya kila sentensi nikaandika swali ambalo mratibu wetu angeniuliza baada ya kuisoma. Namfahamu, ni mtu mwema na hakubali kumpoteza mwalimu kirahisi. Penye "daktari amenikataza kusimama kwa muda mrefu" nikaandika: si tutakuwekea kiti? Penye "safari ya kuvuka feri hadi Kisauni inanichosha" nikaandika: tukikutumia nauli ya tuktuk? Penye "nikipata nafuu kidogo nitarudi" nikaandika: lini, mwezi ujao? Na penye "naomba unikubalie": je, akikataa?

Nilipomaliza, ukingo wa karatasi ulikuwa umejaa maswali, na yote yalikuwa ya haki. Hapo ndipo nilipomwonyesha shemeji. Nikamwambia, shemeji, tazama, kila ulichoeleza kimekuwa mlango wa mazungumzo. Ukitaja nusu ya tatizo, msikilizaji mwema atakuletea suluhisho la hiyo nusu, nawe utalazimika kutaja nusu iliyobaki ili umweleze kwa nini suluhisho lake halifai. Mwisho wake umesema yote, na pengine bado uko darasani.

Kliniki niliifuta kwa nguvu zaidi. Mji wetu unajuana. Watu wanajua chumba fulani cha hospitali kina wagonjwa gani na siku zao ni zipi, kwa hivyo ukitaja kliniki umeshautaja ugonjwa.

Dada yangu naye alikuwa na dawa yake: nitoke tu kwenye grupu la WhatsApp, ninyamaze. Hilo sikulifikiria mara mbili. Nilikuwa na ufunguo wa kabati la vitabu na pesa za vitafunio vya watoto. Ukitoweka na pesa za watu, hata kama ni mia tano tu zilizobaki, maneno yatakayosemwa hayatahusu afya yako.

Kilichonisumbua kweli ni fomu. Tulipoanza tulitia sahihi fomu inayosema anayeacha atoe notisi ya mwezi mmoja. Shemeji akanitisha na sheria ya kazi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inahusu mwajiri na mtu anayelipwa mshahara. Mimi sikuwa na mshahara, kwa hivyo notisi ile ilikuwa makubaliano yetu na heshima yetu. Ndiyo maana niliitaja waziwazi kwenye barua badala ya kujifanya sikuiona. Ukiiruka, mtu ataitoa kwenye faili na kukuuliza, na jibu lako litakuwa ndiyo yale maelezo uliyoyakwepa.

Barua niliyopeleka ni hii, nzima:

Likoni, Mombasa
5 Mei 2025

Kwa Mratibu wa Wanaojitolea,

KUH: KUACHA KAZI YA KUJITOLEA

Salamu. Nakuarifu kwamba ninaacha kujitolea katika darasa la kusoma la Jumamosi kwa sababu za kiafya. Siku yangu ya mwisho itakuwa Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Najua fomu yetu inataka notisi ya mwezi mmoja. Hali yangu hainiruhusu kuukamilisha.

Siku hiyo nitakabidhi ufunguo wa kabati la vitabu, daftari la mahudhurio, na pesa za vitafunio zilizobaki pamoja na risiti zake. Tafadhali nijulishe nimkabidhi nani.

Ningependa sababu hii ibaki kati yetu. Wenzangu na wazazi waambiwe tu kwamba nimeacha.

Nashukuru kwa kuniamini na watoto hawa.

Wako mwaminifu,
(sahihi yangu)

Niliichapisha saiba, shilingi kumi au ishirini hivi, nikaitia kwenye bahasha yenye jina la mratibu. Grupuni sikuweka neno. Nilikuwa pia nimemuuliza daktari kama anaweza kuniandikia, ikibidi, karatasi inayosema tu kwamba sifai kufanya shughuli hiyo kwa sasa, bila jina la ugonjwa. Akasema hilo ni jambo la kawaida. Sikuiambatisha, maana hakuna aliyeiomba.

Tazama ule mstari "nijulishe nimkabidhi nani." Niliuweka kwa makusudi na najivunia. Mtu akisoma barua ya mgonjwa hutaka kujibu kitu, na asipopewa cha kujibu atauliza unaumwa nini. Mimi nilimpa swali lake. Jibu lilikuja siku ya pili kwenye simu: "Pole sana mwalimu, Mungu akuafu. Ufunguo na daftari mpe mama wa jikoni, pesa tutazihesabu pamoja." Hakuuliza zaidi.

Hata "kidogo" sikuiweka karibu na afya. Shemeji alikuwa ameandika "tatizo dogo la kiafya" kwa adabu, na tatizo likiwa dogo, mwenzako ana haki ya kusema subiri basi hadi muhula uishe.

Kuhusu kubaki kati yetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na shirika likizishika linawajibika kuzilinda. Lakini sheria haiwezi kurudisha neno lililokwisha kusomwa na kupitishwa jikoni. Faili yangu ina maneno matatu, na anayeifungua hapati zaidi ya hayo.

Wazazi waliuliza, bila shaka. Kwetu mtu akiumwa anatembelewa, na kumkata mtu aliyekuja na pole yake ni utovu wa adabu. Kwa hivyo nilikuwa na jibu moja kwa wote: "Alhamdulillahi, niko mikononi mwa daktari, niombeeni dua." Aliyesisitiza nikamrudishia lilelile, kisha nikamuuliza mtoto wake amefika ukurasa wa ngapi. Mama mmoja alikaa nami sana akizungushazunguka. Nikamwacha azunguke, nikamtilia chai nyingine.

Jumamosi ya mwisho tulihesabu pesa na mratibu mezani, risiti moja baada ya nyingine, tukaandika kwenye karatasi kilichokabidhiwa na tukatia sahihi sote wawili. Nakala moja ninayo. Kisha nikamwomba aniondoe kwenye uongozi wa grupu la wazazi mbele yangu, kwa sababu wangeendelea kunipigia mimi kila darasa likiahirishwa.