HCl ya 1×10⁻⁷: hesabu imekubali, mita ya pH imegoma

Tuanze na kilichokubali. Laha ya hesabu ya pH ya asidi kali iliyozimuliwa kupita kiasi sasa inatoa jibu sahihi kuanzia 0.1 M hadi sifuri kamili, na haitamki tena kwamba HCl ya 1×10⁻⁸ ina pH 8. Seli yenyewe ni hii, mkusanyiko wa asidi ukiwa A2 na Kw, yaani zao la mikusanyiko ya haidrojeni na haidroksidi ndani ya maji, ikiwa B2:

```
=-LOG10((A2+SQRT(A2^2+4*B2))/2)
```

Inatokana na usawa wa chaji: ioni za haidrojeni ni sawa na kloraidi jumlisha haidroksidi, yaani h = C + Kw/h. Ukizidisha kwa h unapata h² − Ch − Kw = 0, kisha unachukua mzizi chanya. Basi.

Kosa lililokula muda ni lile la kuchukua 10⁻⁷ ya maji na kuijumlisha na asidi, kana kwamba maji hayana habari kuwa asidi imeingia. Kwa C = 1×10⁻⁷ njia hiyo inatoa 2×10⁻⁷, pH 6.70. Jibu halisi kwa nyuzi 25 ni h = 1.618×10⁻⁷, pH 6.79. Asidi ikiingia, haidrojeni inaongezeka na maji yanarudi nyuma. Mchango wao unashuka kutoka 1.000×10⁻⁷ hadi 0.618×10⁻⁷. (Ndiyo, ni ile 1.618 ya wachoraji, uwiano wa dhahabu. Imetokea tu kwa sababu C² ni sawa kabisa na Kw.) Kwa 1×10⁻⁸ unapata 6.98, na kwa 1×10⁻⁶ unapata 5.996, ambayo mita yoyote ya mkononi itaisoma 6.00. Kwa hiyo fomula ndefu ina kazi katika ukanda mwembamba sana, chini ya 10⁻⁶. Juu ya hapo ni mapambo.

Kw nayo usiigandishe kwenye 1×10⁻¹⁴. Chumba cha Dodoma mchana kikifika nyuzi 30, pKw ni 13.83, maji safi yasiyo na kitu yana pH 6.92, na asidi yetu ya 10⁻⁷ inakuwa 6.74. Ndiyo maana B2 ni seli inayojitegemea.

Sasa mita.

Uzimuaji ni hatua tatu: mililita 1 hadi 100, kutoka 0.1 M kwenda 10⁻³, kisha 10⁻⁵, kisha 10⁻⁷. Maji ya bomba hayafai hata kwa kusuuzia, maana yanatoka visima vya Makutupora na birika la hapa linajua yana nini ndani. Yaliyotumika ni maji yaliyotoneshwa. Maji ya betri ya dukani yanatofautiana chupa kwa chupa. Matarajio yalikuwa 6.79. Mita ilianza 6.9, ikateremka polepole dakika baada ya dakika, ikaja kutulia karibu na 5.6. Asidi ikamwagwa, yakapimwa maji matupu. 5.6 tena!

Hapo lawama ya kwanza iliangukia elektrodi, na si kwa uonevu. Maji yenye ioni chache hivi yanaisumbua elektrodi ya kioo: namba inatembea, ukikoroga inaruka, na KCl inayovuja kutoka kwenye rejeo lake inaongeza ioni nyingi kuliko zilizomo kwenye sampuli. Halafu kuna uchafu. Mililita 100 za HCl ya 10⁻⁷ zina nanomoli 10 tu za asidi. Tone moja la mililita 0.05 la ile 10⁻³ lililonata kwenye ncha ya pipeti lina nanomoli 50. Tone la bafa ya 6.86 lililobaki kwenye elektrodi ni baya zaidi: lina maikromoli 2.5 za fosfeti, mara 250 ya asidi unayotaka kuipima. Kwa hiyo kusuuza mara tatu, chupa za plastiki badala ya kioo, na sampuli ya kwanza ya kuoshea elektrodi inamwagwa bila kusomwa.

Yote yakafanywa. 5.6.

Basi ikabidi kurudi kwenye karatasi, na mwizi ni hewa. Kaboni dioksaidi ni karibu sehemu 420 kwa milioni. Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, kanieneo ni kama 0.88 ya pwani, kwa hiyo CO₂ inayoyeyuka kwenye maji ni kama 1.26×10⁻⁵ M. Humo inakuwa asidi ya kaboni, na ukitumia Ka yake ya kwanza, yaani kipimo cha inavyoachia haidrojeni, ya 4.45×10⁻⁷ unapata h ya 2.37×10⁻⁶, pH 5.63. Ongeza HCl yetu ya 10⁻⁷ humo: 5.62. Tofauti ni 0.01, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho ya mita. Yaani mita ilikuwa inasema kweli muda wote, ila ilikuwa inapima hewa ya chumba.

Kuchemsha kunasaidia lakini hakumalizi. Dakika 15 za kutokota (hapa maji yanachemka kama nyuzi 96, inatosha), kisha kupoza chupa ikiwa imejaa hadi mdomoni na kufungwa. Baada ya hapo pampu ya hewa ya tangi la samaki, hewa ikipitishwa kwanza kwenye chupa ya kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, kisha kwenye chupa ya maji matupu ya kukamata manyunyu ya soda, ndipo iingie kwenye sampuli. Chupa hiyo ya katikati usiiruke: tone dogo la soda likivuka, pH inapanda juu ya 7 na utadhani umefaulu.

Kwa njia hiyo maji matupu yalifika 6.5, na kifuniko kikiguswa tu yanaanza kushuka. Hesabu inaeleza ugumu. Maji yaliyoshiba hewa yana kaboni yote pamoja kama 1.5×10⁻⁵ M. Ukiondoa asilimia 99, inayobaki ni 1.5×10⁻⁷, na kwenye pH ya karibu 6.8 robo tatu hivi yake imeshaachia haidrojeni. Hiyo ni asidi nyingi kama HCl yenyewe. Ili fomula ionekane kwenye mita, lazima CO₂ iondoke hadi ibaki chini ya sehemu moja kwa elfu.

Jedwali la 10⁻⁸ lililokuwa limepangwa limeahirishwa, kwa sababu kuna wazo bora kuliko elektrodi: upitishaji umeme. Haumwagi KCl kwenye sampuli, na CO₂ inajitangaza yenyewe. Kwa nyuzi 25 maji safi ni 0.055 µS/cm, HCl ya 10⁻⁷ inapaswa kutoa 0.077, na maji yaliyoshiba hewa ya hapa ni 0.93. Ukiona namba kubwa kuliko 0.1, huna haja ya kubishana na fomula, hewa imeingia. Vile vipimo vya kalamu vinavyouzwa kwa wenye mashine za kuchuja maji havifai, vinahesabu kwa 1 µS/cm na hapa vitaonyesha sifuri au moja. Inahitajika seli yenye nafasi ndogo kati ya bamba, konstanti ya 0.1 au 0.01 kwa sentimita, nayo ikae ndani ya bomba lililofungwa, maji yakipita bila kuonana na chumba. Bamba mbili za chuma cha pua na bomba la silikoni vipo mezani. Silikoni nayo inapitisha CO₂, kwa hiyo itabadilishwa kabla ya kuunganisha chochote.