Kabati la Umoja

Mwaka wa 2019 nilikuwa na karakana ya useremala huku Eastlands, Nairobi, na mteja wangu mmoja wa mtaa wa Umoja alinipigia simu jioni sauti ikimtetemeka. Kabati la nguo lilikuwa limemwangukia mtoto. Bahati kitanda kilikuwa karibu, kabati likaegemea ukingo wake, na mtoto akatoka chini akilia bila hata mchubuko. "Na lilikuwa limefungwa ukutani, fundi," akaniambia. "Njoo ujionee mwenyewe."

Nilifika asubuhi. Lilikuwa kabati la MDF, urefu kama mita mbili, kina sentimita arobaini hivi, na droo tatu chini. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amezivuta droo zote, akazipanda kama ngazi. Droo zikishatoka, uzito wake husogea mbele ya miguu ya kabati, na ukiongeza uzito wa mtoto juu yake, hapo hapana kinacholizuia ila kilichofungwa ukutani.

Nikaokota ile pasi iliyong'oka, kile chuma kilichopindwa cha kufungia kabati ukutani. Skrubu ilikuwa bado ndani ya rolplagi, kile kibomba cha plastiki kinachoishikia ukutani, na rolplagi yenyewe imevikwa kipande cha plasta kama keki. Nikajua palepale. Nikatia msumari kwenye tundu la ukuta nikapima: sentimita tatu tu. Plasta ya ukuta ule ilikuwa karibu sentimita mbili, kwa hiyo sehemu kubwa ya rolplagi ilikuwa imeshikilia saruji iliyopakwa, wala si jiwe. Plasta hubeba picha ya ukutani. Kabati likivuta, inabanduka.

Upande wa kabati nako kulikuwa na kasoro. Pasi ilikuwa imepigwa kwenye hadibodi ya mgongo, ile nyembamba inayogongewa kwa vijisumari. Hata ukuta ungeshika, hadibodi ingepasuka na kubaki ukutani, kabati likienda zake. Nikamwonyesha mama mtoto ubao uliopita chini ya kifuniko cha juu, unaounganisha mbavu mbili. "Huu ndio wenye nguvu," nikamwambia. "Skrubu ikiingia hapa, imeshika kabati zima."

Kwanza nilitazama soketi na swichi. Waya nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo ndani ya ukuta, kwa hiyo sitoboi juu wala chini yake. Nikachukua biti ya ukuta ya milimita nane, nikaizungushia selotepu kwenye sentimita saba na nusu ili nijue pa kuishia: sentimita mbili za plasta, tano za rolplagi ndefu, na nafasi kidogo ya vumbi.

Unga wa kwanza ulitoka wa kijivu, ndiyo plasta. Kisha rangi ikabadilika na drili ikaanza kulalamika, ndipo nikajua nimefika kwenye jiwe. Tundu la pili lilinisumbua. Biti ilipita plasta, halafu ikazama ghafla bila upinzani wowote. Nilikuwa nimeangukia kwenye kiungo cha saruji kati ya mawe mawili, na saruji ya huko ilikuwa ya mchanga mtupu. Nikaliacha, nikasogea juu sentimita tano, nikapata jiwe zima. Nilipuliza vumbi nje kwa mrija wa soda, maana rolplagi ikikaa juu ya vumbi haitanuki vizuri. Kisha nikaisukuma hadi ikapita plasta yote, nikakaza skrubu ndefu ya sentimita saba. Ilikuwa ikizidi kukaza kila nilipozungusha. Rolplagi inayozunguka pamoja na skrubu haijashika, itoe.

Niliweka pasi mbili juu, moja kila upande. Ubao wa chini ya ukuta ulikuwa umelizuia kabati kuugusa ukuta, kwa hiyo nilichagua pasi zenye mguu mrefu wa kuvuka ile nafasi hadi kwenye ubao wa juu. Tukazivuta droo zote, nikazikandamiza kwa mikono yote miwili na uzito wangu. Kabati halikutikisika. Nikahamisha nguo nzito na sufuria kubwa kutoka rafu ya juu hadi droo ya chini, na kwenye droo zenyewe nikapiga vizuizi visiziruhusu kutoka hadi mwisho.

"Basi na rafu ya vitabu ya sebuleni, fundi," mama akasema. Nikagonga ukuta wa nyuma yake, ukalia mtupu: bodi ya jipsamu iliyogawanya chumba. Rolplagi ya aina ile haishiki humo hata ukaze vipi. Nikakataa kuifunga pale. Tukaibeba wawili hadi ukuta wa jiwe mkabala na dirisha, nikachukua drili tena.