Nilivyopanga zamu za kuchangia damu kazini, idara kwa idara

Nilipokabidhiwa kupanga siku ya kuchangia damu kazini kwetu, wakuu wa idara walitaka kila idara ipewe saa yake: iende yote, imalize, irudi. Sikukubali. Kwanza niliiuliza timu ya damu inakuja na vitanda vingapi. Vinne, wakasema. Ratiba nzima niliijenga juu ya hivyo vinne.

Damu yenyewe hutoka kwa dakika 10 hivi, lakini ukihesabu kutafuta mshipa, kufunga mkono na kusafisha, mtu mmoja anashika kitanda kama dakika 20. Kwa vitanda vinne, hao ni watu 12 kwa saa. Uhasibu wakija wote 12 saa tatu kamili, wanane wanakaa benchi wakichezea simu huku ofisi yao haina mtu. Kwa hiyo niliita watu wanne kila baada ya dakika 20, wawili kutoka idara moja na wawili kutoka nyingine. Kila mmoja nilimwombea ruhusa ya saa nzima, maana kuna kujaza fomu ya maswali, kupimwa presha na uzito, kutobolewa kidole kuangalia wingi wa damu, na baada ya kutoa kuna robo saa ya kukaa na kunywa kitu. Timu ilikuwa inafunga saa nane, hivyo kundi la mwisho niliita saa saba.

Kilichonisumbua zaidi ni stoo. Aliyetoka kutoa damu hatakiwi kubeba mizigo mizito wala kufanya kazi juu ya ngazi siku hiyo, na dereva akipata kizunguzungu barabarani ni hatari kwake na kwa wengine. Mkuu wa stoo alitaka watu wake wawe wa kwanza, kabla magari hayajafika. Nilimwambia, "Mzee, ukiwatanguliza hawa, mchana nani atapakua?" Akacheka, akakubali wapangwe mwishoni, wale tu ambao zamu yao inaishia saa saba. Madereva niliwapanga hivyo hivyo, na wa zamu ya usiku sikuwaita kabisa; mtu asiyelala ndiye anayeanguka.

Kuna wanaorudishwa: damu haitoshi, presha imepanda, au wanatumia dawa fulani. Kitanda kinabaki wazi. Kwa hilo niliweka watu wawili wa akiba kila saa, wa ofisi za jirani na chumba, ambao wakipigiwa simu wanafika mara moja.

Orodha niliyowapa wakuu ilikuwa na jina na saa ya kutoka tu. Nani alitoa na nani alirudishwa vilibaki kwa timu ya damu. Hata aliyerudishwa aliketi kwenye mapumziko, akapewa kinywaji kama wenzake, na saa yake ya ruhusa haikukatwa. Mkuu mmoja aliniuliza mbona mtu wake amerudi mapema. Nikamjibu kwamba ratiba inaonyesha saa ya kutoka, basi.