Beringi iliyosingiziwa kudoda

Juzi dogo mmoja mgeni kazini kaniuliza, hivi huu mstari wa grafu pembeni ya kila bidhaa iliyododa una kazi gani, si tuufute tu skrini ipumue? Nikacheka mwenyewe, maana huo mstari una kesi yake, na mlionijua enzi za lile ghala la vipuri mnakumbuka nilivyokuwa nagombana na ile skrini.

Dashibodi niliikuta, walishaitengeneza wengine, na kwa macho inavutia kweli. Nusu nzima ya juu ni mshale kama wa spidi ya gari, unasema stoku inazunguka, yaani inatoka na kujazwa upya, mara 5.8 kwa mwaka, kijani tupu. Upungufu na mali zilizododa zimebanwa chini kama abiria wa kusimama. Sasa namba moja ya ghala zima inakwambia nini? Bolti na nati zinatoka kutwa, zinaipandisha, huku nyuma yake kuna vitu vimelala mwaka mzima na vingine vimeisha, na mshale haushtuki.

Basi siku hiyo meneja kaniita, kafungua listi ya mali zilizododa, na huko kitu kinaingia kikikaa siku 60 bila kutoka. Beringi 6204, salio 40, mara ya mwisho kutoka siku 71 zilizopita. Anataka zishushwe bei zitoke, nafasi ipatikane. Mzee wa stoo alikuwa amesimama pale anasubiri karatasi isainiwe, akachungulia skrini akasema, "Bosi, hizo hazijadoda. Hazipo. Mafundi wananiulizia kila wiki nawaambia hamna."

"Hamna vipi na hapa naona 40?"

Tukaenda watatu. Lebo ya 6204 ipo kwenye rafu, chini yake boksi tupu lina vumbi na kipande cha karatasi ya mafuta. Mzee hakusema kitu, akasogea rafu ya jirani ya 6205, akashusha katoni, akatoa beringi moja akaiweka kalipa kwenye tundu, akanigeuzia nisome. Milimita 25. Tundu la 6204 ni 20, hiyo ya 25 ni 6205, na zikiwa zimefungwa kwenye karatasi huwezi kuzitofautisha kirahisi. Tukahesabu rafu ile, zimezidi 40 kuliko salio la 6205 kwenye sistimu. Yaani mzigo ulipofika aliyeuingiza kauandika 6204, aliyeupanga kasoma beringi yenyewe kaupeleka panapostahili, kila mmoja kaenda zake.

Meneja kimya, mimi nikawa naufuatilia mchezo kichwani. Sistimu inaona 40 na kiwango cha chini ni 20, kwa hiyo listi ya upungufu haizitaji na hakuna anayeagiza. Kisichokuwepo hakiwezi kutoka, kwa hiyo tarehe ya mwisho inazidi kuzeeka. Na "hamna" ya mzee haiandikwi popote. Kitu kinachotafutwa kuliko vyote kinaishia kwenye listi ya visivyotakiwa, na bado kidogo tukishushe bei.

Unakitambuaje bila kupanda ngazi? Nikavuta historia. Kabla ya kukatika zilikuwa zinatoka kama 10 kwa wiki, halafu ghafla sifuri, sifuri, sifuri. Mali iliyododa kweli haifi hivyo mara nyingi, inashuka taratibu, 10, 7, 4, moja, kisha kimya. Ndipo nikaweka ule mstari wa wiki 26, na zile zilizokatika ghafla nikazihamishia kwenye upungufu zikiwa na alama ya kuhesabu rafu.

Upungufu wenyewe nikaupandisha juu kushoto, jicho linapoanzia, na nikaupanga kwa siku zilizobaki badala ya kiwango cha chini. Kitu kina 60 baada ya kutoa zilizoshikwa na oda, kinatumika 5 kwa siku, hizo ni siku 12. Saplaya wake analeta kwa siku 20? Nyekundu, hata kama kiwango cha chini hakijaguswa. Ule mshale nikaupeleka pembeni mdogo, ukagawanywa kwa makundi ya bidhaa. Meneja aliununia kwanza, alikuwa anapenda kuwaonyesha wageni.

Ila haikuisha vizuri hivyo. Vitu vingine vinakatika ghafla kwa haki kabisa, mashine yake imebadilishwa na hakuna anayekihitaji tena, na mzee anapanda ngazi anakuta viko vyote vimejipanga, anashuka ananitazama. Tukaweka sharti kwamba alama iwake kwa bidhaa iliyokuwa inatoka kila wiki ikikaa wiki 3 tupu. Mzee anasema 3 ni chache, magoti yake yanajua, meneja anataka 2, na mpaka naondoka pale hawajakubaliana.