Mkaa wa Juu, Mtoto wa Chini

Nilishuka Mavueni, pwani ya Kenya, saa nne asubuhi, nikapanda matatu nyingine ya kwenda Kaloleni na kuteremka Dzitsoni, mgongo ukiniuma. Kutoka hapo ni bodaboda, kisha miguu. Mwenyeji wangu, kijana wa Kichonyi aliyezaliwa jirani na msitu, alitangulia akipangua matawi hadi tukatokea kwenye mwamba wa chokaa uliopasuka paa. Hili ndilo pango la Panga ya Saidi.

Nafundisha kemia, na nilikuja kwa sababu ya mtoto mmoja. Alizikwa humu amelazwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa, akiwa na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu hivi. Wachimbaji walimkuta kama mita tatu chini ya sakafu ya leo, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kaburi lake lina umri wa miaka 78,000 hivi. Wakamwita Mtoto tu.

"Sasa mwalimu," kijana akaniuliza tukiwa tumeketi penye kivuli, "si husema wanapima mifupa kwa kaboni? Walipima huo mfupa?"

Hawakuupima kwa kaboni. Nikaokota kipande cha mkaa, nadhani cha moto wa juzi tu, nikamweleza. Huko juu angani mionzi kutoka anga za mbali hugeuza atomi za nitrojeni kuwa kaboni-14, kaboni isiyotulia. Ni chache mno: katika kila atomi trilioni moja za kaboni hewani, moja hivi ndiyo kaboni-14. Mti huivuta pamoja na hewa, mbuzi huila na majani, nasi tunamla mbuzi. Kinapokufa kiumbe, hakiongezi tena, na iliyomo huanza kupungua: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya miaka 11,460 imebaki robo. Maabara ikikuta robo kwenye mkaa, imepata umri. Jibu hilo bado husahihishwa kwa pete za miti zilizohesabiwa moja moja, kwa kuwa kaboni-14 ya angani haikuwa sawa nyakati zote.

"Umri wa moto?"

Hapo alinishika. La, umri wa mti. Hata mti mzima hauna umri mmoja, maana kila pete huacha kuvuta kaboni mpya mwaka unaofuata. Ukichoma kiini cha mbuyu wa miaka 800, mkaa wake utasema 800 ingawa moto uliwashwa jana. Ndiyo maana wachimbaji hupenda mbegu au kijiti chembamba.

Mfupa una shida nyingine. Kinachopimwa humo ni kolajeni, protini inayoushika pamoja, kwa sababu madini ya mfupa hubadilishana kaboni na maji ya ardhini. Katika joto la pwani yetu kolajeni huoza mapema. Mifupa ya Mtoto ilikuwa laini kiasi kwamba waliifunika kwa plasta pamoja na udongo wake, wakaibeba bonge zima.

Na hata kolajeni ingekuwepo, isingesaidia. Baada ya miaka 78,000 kaboni-14 imekatwa nusu mara kumi na tatu na zaidi. Imebaki sehemu moja kati ya 12,000 hivi. Sasa chukua mzizi mwembamba wa mti huu ulio juu yetu, upenye mpaka chini na kuacha kaboni changa asilimia moja tu ndani ya sampuli. Asilimia hiyo moja ni mara mia zaidi ya kile kilichobaki, na mashine itasoma miaka 38,000 hivi, bila aibu. Ndiyo maana sampuli husafishwa kwa asidi, kisha alkali, kisha asidi tena, na maabara hupima pia makaa ya mawe, ambayo hayana kaboni-14 kabisa. Yakionyesha chochote, huo ni uchafu wa maabara yenyewe. Ikiwa sampuli haiwezi kutofautishwa na makaa hayo, mpimaji mwaminifu huandika "zaidi ya miaka 50,000" na kuweka kalamu chini.

Kwa hiyo humu pangoni tabaka za juu zilipimwa kwa kaboni, na kule chini wakauliza mchanga. Punje za mchanga wa kwatzi zikiwa gizani hukusanya nishati kutoka mionzi ya udongo, mwaka hadi mwaka. Zikipigwa na jua huimwaga yote na kuanza sifuri. Ukiipima nishati hiyo unajua zilifunikwa lini. Sampuli huchukuliwa kwa bomba lisilopitisha mwanga, lililogongwa ukutani mwa shimo.

Kijana akatazama kurunzi yangu iliyokuwa ikimulika ukuta wa udongo.

"Basi zima hiyo, mwalimu."