Jinsi nilivyosoma pengo la fyucha na spoti za bitkoini, Aprili hadi Julai 2021

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa nje, hapa Moshi. Siku za mnada, kabla ya lolote, tunaangalia bei ya New York ya mkataba wa miezi ijayo, kisha tunaipima na kahawa iliyopo ghalani. Nilipoanza kununua bitkoini kidogo kidogo, nikakuta nayo ina bei mbili: ya spoti, yaani unalipa leo unachukua leo, na ya fyucha, mkataba wenye tarehe ya kuisha. Vijana wengi hawaiangalii hiyo ya pili. Mimi nilianzia hapo.

Kwenye kahawa, fyucha ikiwa juu ya bei ya leo, sehemu kubwa ya tofauti inaelezeka. Kuna pango la ghala, kuna bima, kuna riba ya fedha iliyolala kwenye magunia. Bitkoini haihitaji ghala wala haipungui uzito. Kinachobaki kwenye pengo lake ni riba ya dola na hamu ya watu ya kushika mzigo mkubwa kwa dhamana ndogo. Mtu mwenye hamu hiyo ananunua fyucha, na ili apate wa kumuuzia inabidi akubali bei ya juu kuliko spoti. Anayemuuzia mara nyingi hajali bei itaelekea wapi: amenunua bitkoini spoti, ameuza fyucha ya kiasi kile kile, na anangoja tarehe ya kuisha ambapo bei mbili zinakutana ili aondoke na tofauti. Kwa hiyo pengo lile, au beisi kama tunavyoiita, ni ada ambayo wenye pupa wanawalipa wenye subira. Ada ikipanda, pupa imezidi.

Ukitazama tofauti kwa dola peke yake haikusaidii, maana mkataba wa miezi mitatu lazima uwe na pengo kubwa kuliko wa mwezi mmoja. Naigeuza iwe asilimia kwa mwaka. Kwenye jedwali langu safu A ni tarehe ya leo, B bei ya fyucha, C bei ya spoti, D tarehe ya kuisha:

```
=(B2/C2-1)*365/(D2-A2)*100
```

Bei zote mbili nazichukua dakika ile ile na kwa dola, na ile ya spoti iwe ya fahirisi inayotumiwa na mkataba wenyewe. Ukichukua bei ya kununulia kwa shilingi kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni, umeingiza faida ya muuzaji kwenye hesabu na pengo lako halina maana tena.

Sasa twende Aprili 2021. Tarehe 14, siku ambayo hisa za Coinbase, soko la sarafu za kidijitali la Marekani, zilianza kuuzwa, bitkoini ilifika karibu dola 64,000. Mkataba wa robo mwaka ulikuwa unaisha Juni 25, yaani siku 72 mbele. Kwa namba za mviringo, spoti ikiwa 64,000 na fyucha 69,500, tofauti ni asilimia 8.6, na kwa mwaka inakuwa kama asilimia 44. Kwenye masoko ya nje ya Marekani beisi ilikuwa imevuka asilimia 40 kweli. Riba ya dola wakati huo ilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo ada yote ile ilikuwa pupa tupu. Mtu anayekubali kulipa hivyo anahitaji bei ipande sana na ipande haraka. Ikisimama tu mahali pamoja, tayari anakula hasara.

Binamu yangu alikuwa ananisukuma niongeze. "Kaka, hii inakwenda laki moja, utabaki unahesabu magunia yako." Nikamwambia sinunui kitu ambacho wenzangu wanakilipia asilimia 40, na nikauza nusu ya nilichokuwa nacho.

Tarehe 18, Jumapili, bei ilishuka kwa saa chache na akaunti nyingi za mkopo ziliungua, yaani zilifungwa kwa nguvu dhamana ilipokwisha. Lakini lililonifunza zaidi lilikuja wiki tatu baadaye. Kuelekea tarehe 10 Mei bitkoini ilirudi hadi karibu 59,000, na ukitazama bei tu ungesema mambo yamekaa sawa. Beisi haikurudi pale ilipokuwa Aprili. Waliokuwa wanalipa ada ile walikuwa wameungua, na waliobaki walikuwa hawana hamu ya kiasi kile. Bei imepanda, hamu ya mkopo haijapanda nayo: hali hiyo naiogopa kuliko bei inayoshuka wazi wazi. Mei 12 Elon Musk akatangaza kwamba Tesla inasitisha kupokea bitkoini, na Mei 19 bei iligusa kama 30,000. Kwenye baadhi ya masoko fyucha ilishuka chini ya spoti kwa muda. Hapo watu walikuwa wanauza mkataba kwa bei yoyote, au wanafungiwa kwa nguvu kwa sababu dhamana imekwisha.

Watu wengi wanasoma beisi iliyoporomoka kama amri ya kuuza. Mimi naangalia imeporomoka lini. Ikianguka wakati bei bado iko juu, ni onyo kwamba wanunuzi wa mkopo wanaondoka mlangoni mmoja mmoja. Ikianguka baada ya bei kukatika nusu, inasema waliokuwa wa kuungua wameshaungua, na mauzo ya lazima yaliyobaki ni machache. Juni na Julai 2021 beisi ilikuwa asilimia chache tu, soko limenuna, na bei ilizunguka kati ya 30,000 na 40,000 kwa wiki nyingi. Nilirudisha nusu yangu kidogo kidogo kipindi hicho. Novemba bei ilifika 69,000. Sikujua kwamba itafika huko, na beisi haiwezi kukuambia hilo. Ilichoniambia ni kwamba pale chini hakukuwa na mzigo mkubwa wa mkopo wa kuangusha.

Kuna mahali kipimo hiki kinadanganya. Mkataba ukikaribia kuisha, tofauti ndogo inavimba: zikibaki siku mbili, pengo la asilimia 0.1 linakuwa asilimia 18 kwa mwaka, na hilo si hisia ya mtu yeyote. Zikibaki wiki mbili mimi nahamia mkataba unaofuata. Pia fyucha kuwa chini ya spoti kunaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Novemba 2022, FTX, soko kubwa la sarafu za kidijitali, ilipoanguka, mikataba ya CME, soko la fyucha la Chicago, ilikaa chini ya spoti. Wenye bitkoini zao wasizoweza au wasizotaka kuziuza waliuza fyucha ili kujikinga, na waliokuwa na fedha za kununua pengo lile waliogopa kuziweka popote.

Na kipimo cha 2021 hakiwekwi juu ya 2024. Tangu Januari 2024, mifuko ya bitkoini iliporuhusiwa kwenye masoko ya hisa Marekani, mifuko mikubwa ya uwekezaji inanunua hisa za mifuko hiyo na kuuza fyucha za CME, hivyo pengo linabanwa haraka kuliko zamani. Riba ya dola nayo ilikuwa zaidi ya asilimia 5 sehemu kubwa ya mwaka ule. Beisi ya asilimia 8 mwaka 2021 ilikuwa karibu yote ni hamu. Mwaka 2024, ukitoa riba, imebaki kama asilimia 3. Ndiyo maana jedwali langu sasa lina safu ya E, riba ya hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani, na namba ninayoitazama ni beisi ukitoa E.