Siku Wafuasi Hewa Walipoitwa Mbele ya Hajati

Saa 12 asubuhi. Boda kutoka Ntinda mpaka Nakawa kabla foleni haijashika. Leo tunazindua juisi ya pasheni, na mimi ndiye fundi wa skrini na laivu. Roleksi nimeila nimesimama.

Saa 3. Meneja wa chapa anaingia na suti mpya. "Ile namba ya wafuasi wa Instagram iwe kubwa, kila mtu aione." Namba yenyewe ni 92,000. Miezi miwili nyuma ilikuwa 6,000, kisha usiku mmoja wakaingia elfu thelathini, na siku hiyo hatukuwa tumeweka hata picha. Baadaye idadi ikawa inapungua kidogo kidogo, halafu inajaa tena: mtandao unafuta akaunti hewa, muuzaji wa akaunti hizo anajazia. Picha ya jana ina laiki 140. Hata wawili kwa kila elfu hawafiki! Wiki jana nilimuuliza meneja, akaniambia nishughulike na nyaya zangu.

Saa 5. Wageni wanafika. Anayesubiriwa ni Hajati, muuzaji wa jumla wa Kikuubo. Ameahidi kulipia katoni 2,000 kabla ya mzigo kutoka, kwa sababu ameambiwa wale 92,000 ni wateja wanaosubiri.

Saa 6 mchana. Nawasha laivu. Meneja anashika maiki: "Andikeni PASHENI! Mia mbili wa kwanza, katoni bure!"

Watazamaji 19.

Tunangoja. Maoni yanafika kumi na moja, na tisa ni ya wafanyakazi wenzangu. Hata dada wa mapokezi hapo chini kaandika. Meneja anacheka, anasema ni mtandao wa Uganda huo. Lakini picha haikwami hata kidogo, na ukumbi mzima unaiona.

Mjukuu wa Hajati, binti wa chuo, ananyoosha mkono. "Anko, tufungulie Insights, tuone wafuasi wako nchi gani."

Simu ya meneja ndiyo iliyounganishwa na skrini, kwa hiyo pa kujificha hapakuwepo. Akabonyeza. Brazili, Indonesia, Uturuki. Uganda ya nne, asilimia 6, yaani wale wale elfu tano na ushei tuliokuwa nao zamani.

Hajati akavaa miwani, akasoma taratibu. "Mwanangu, hawa Wabrazili watakuja Kikuubo kwa basi gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja akaniangalia mimi, kana kwamba ninao waya wa kuchomoa.

Saa 9. Hajati anaondoka na katoni kumi, kwa mali kauli. Juisi ameisifu, tena kwa dhati.

Saa 11 jioni. Mkurugenzi amemwita meneja, mlango umefungwa. Mimi nimepewa kazi ya kuwaondoa wafuasi hewa, na unamwondoa mmoja mmoja kwa kidole.

Saa 4 usiku. Nimefika mia nne. Mhasibu anapita ananiuliza kama Uturuki imekwisha.